Namsalimia kila asubuhi, haitikii. Ni dharau au kuna jambo?

Kalamu_Butu (mwanzisha uzi)

Wadau, naomba mawazo kabla sijafanya jambo la kijinga.

Kazini kwetu kuna kaka mmoja alihamia idara yetu miezi miwili iliyopita. Mimi nina miaka 45, yeye nadhani amevuka 50 kidogo. Meza yake iko karibu na mlango, kwa hiyo nikiingia asubuhi lazima nipite nyuma ya kiti chake. Kila siku nasema, "Habari za asubuhi, kaka." Siku nyingine anageuka na kuitikia kwa uchangamfu, hadi anauliza hali ya nyumbani. Siku nyingine kimya. Si kwamba anaitikia kwa sauti ndogo, hapana. Hata bega halitikisiki.

Mwanzoni nilimezea. Kilichonichoma ni juzi. Tumeingia wawili, mimi mbele. Nimesalimia, kimya. Mwenzangu aliyekuwa nyuma akasema maneno yaleyale, akaitikiwa papo hapo. Ofisi nzima ikacheka, na mtu mmoja akaniuliza, "Umemkosea nini mwenzio?" Sijamkosea kitu, hatujawahi hata kubishana.

Sasa nipo njia panda. Niache kumsalimia, au nimwambie waziwazi kwamba tabia yake inaniudhi?

---

Mzee_wa_Hoja

Acha kumsalimia. Mtu anayechagua wa kumwitikia ameshakupa jibu, ni wewe tu hutaki kulisoma. Kama angekuwa hasikii, asingemsikia na huyo wa pili. Hapo umechuniwa, mkuu, usijidanganye.

---

Dogo_wa_Tiki

Naunga mkono. Kuna mtu namwandikia "mambo" kila siku, naona tiki mbili za bluu kabisa, yaani kasoma, halafu ananipotezea. Siku ya tatu leo. Nimfute kwenye simu?

---

Mwalimu_Mstaafu

Dogo, hiyo ni ya simu, hapa tunazungumzia watu waliomo chumba kimoja. Subiri zamu yako.

Kalamu, usijione mnyonge kwa kuumia na jambo dogo. Kuna mchezo wa kompyuta ambao wanasaikolojia wanautumia kuchunguza hilo. Watu watatu wanarushiana mpira kwenye skrini, ghafla wawili wanaacha kumrushia wa tatu. Dakika chache tu zinatosha mtu kujihisi hana thamani. Kipling Williams na wenzake walitoa matokeo mwaka 2004 yakionyesha kwamba watu waliumia hata walipoambiwa mapema kwamba hao wachezaji wengine si binadamu, ni kompyuta tu. Kwa hiyo ukali wa maumivu yako haukuambii lolote juu ya nia ya mtu aliyeyasababisha. Ungeumia hivyohivyo hata kama mwenzio alikuwa amesinzia.

---

PimaSikio

Habari zenu. Kazi yangu ni kupima usikivu, na kisa hiki kinafanana na ninavyovisikia karibu kila wiki, ila mara nyingi anayekuja kunisimulia ni mke au mtoto wa mhusika. Kabla hujaamua lolote, Kalamu, nijibu haya:

Ukipita nyuma yake asubuhi unapita upande gani, kulia au kushoto? Huyo mwenzako aliyeitikiwa alisimama wapi? Kuna feni au mashine yoyote inayovuma karibu na meza hiyo? Na siku anazokuitikia kwa uchangamfu, huwa mmeshaonana macho kwa macho kabla hujafungua mdomo?

Sisemi ni sikio. Nasema hujatupa kitu cha kutofautisha sikio na kiburi.

---

Sauti_ya_Radi

Hii rahisi. Kama ni kiziwi, paza sauti. Babu yangu alikuwa hivyo, tulikuwa tunampigia kelele tu na anasikia. Ukipaza na bado kimya, basi Mzee wa Hoja yuko sahihi, ni dharau.

---

Kalamu_Butu

Dada PimaSikio, sikuwahi kuliwazia hilo. Kushoto. Napita upande wake wa kushoto kwa sababu kulia kuna ukuta na kabati. Feni ya kusimama ipo, iko kushoto kwake pia. Mwenzangu alikuwa ameshanipita akaelekea mbele ya meza, kwa sababu yeye anakaa ng'ambo ya pili. Hilo la macho kwa macho sikumbuki.

---

PimaSikio

Sasa tunaanza kuongea. Ngoja nimjibu kwanza Sauti ya Radi, kwa sababu amesema nusu ya kweli na nusu hiyo ndiyo inayoharibu mahusiano ya watu wengi.

Usikivu unaopungua kwa umri, au kwa kukaa miaka kwenye kelele, haupungui sawasawa kama unavyopunguza sauti ya redio. Huanza kuondoka zile sauti nyembamba. Katika maneno yetu irabu ni nzito na zina nguvu, a, o, u hizo anazisikia vizuri. Zinazopotea ni s, f, t, sh, ch. Mtu wa namna hiyo anajua kabisa kwamba kuna mtu anaongea, ila kwake "saa", "taa", "faa" na "kaa" yote yanaelekea kuwa neno moja. Ukipaza sauti, unachokuza zaidi ni ile irabu ambayo tayari alikuwa anaisikia. Isitoshe, sikio la ndani likiharibika, mara nyingi sauti ndogo haifiki kabisa ilhali kubwa inauma. Ndiyo maana mzee anasema "ongea basi nisikie", ukiongeza kidogo anasema "mbona unanipigia kelele?" Hana ukorofi. Nafasi iliyopo kati ya kutosikia na kuumia imekuwa nyembamba.

Babu yako huenda alisikia kwa sababu mlipokuwa mnapaza sauti mlikuwa pia mnamsogelea na kumtazama usoni. Hayo mawili ndiyo yaliyofanya kazi.

Halafu kuna jambo la salamu yenyewe, ambalo watu hawalifikirii. Kwa mtu mwenye shida ya kusikia, salamu ndiyo kauli ngumu kuliko zote katika mazungumzo. Ni fupi. Inakuja bila taarifa, wakati mawazo yake yako kwenye karatasi. Hajui inatoka wapi. Na aliyeisema kwa kawaida anatembea, kwa hiyo ikifika neno la mwisho ameshapita. Mtu huyohuyo mkikaa mezani, mkatazamana, mkajua mnazungumzia nini, ataongea nawe nusu saa na hutahisi tofauti yoyote. Wewe utaondoka na hesabu kwamba "huyu anasikia vizuri sana, kwa nini salamu tu ndiyo haisikii?" Hapo ndipo watu wanapoamua kwamba ni kiburi.

---

Mzee_wa_Hoja

Maelezo mazuri, dada, lakini yule wa pili alitumia maneno yaleyale na akasikika. Hilo hujaligusa.

---

PimaSikio

Nimeliacha makusudi nikitaka Kalamu ahesabu kwanza, ila nitasema. Wa pili alikuwa mbele ya meza. Yaelekea alionekana kabla hajasikika. Na kuna uwezekano mwingine: salamu ya kwanza ndiyo iliyomzindua, akahisi kuna sauti, akainua kichwa, ya pili ikamkuta tayari. Kalamu alipanda, mwenzake akavuna.

Kalamu, fanya hivi. Wiki moja, usibadilishe chochote. Salimia kama kawaida, halafu andika mahali: upande gani, feni inazunguka au la, alikuwa anafanya nini, aliitikia au la. Usimwambie mtu. Wiki ikiisha rudi hapa.

---

KijikoChaMbao

Naomba niseme ya kwangu, nikitoka nje ya mada mtanisamehe.

Nilipata matumbwitumbwi nikiwa darasa la pili. Homa ikaisha, uvimbe ukaisha, sikio la kulia halikurudi. Halisikii kitu kabisa. La kushoto ni zima. Sasa nina miaka 38 na katika maisha yangu nimeitwa mwenye maringo mara nyingi mno.

Watu wanadhani sikio moja ni nusu ya usikivu. Chumba kikiwa kimya nasikia karibu kama nyinyi. Ninachokosa ni kujua sauti imetoka wapi. Nyinyi mnajua kwa sababu sauti inafika sikio moja kabla ya jingine, tofauti ndogo isiyofika hata sehemu moja ya elfu ya sekunde, na ubongo unaishika. Mimi sina cha kulinganisha. Ukiniita barabarani nazunguka kama pia, natazama huku na huku, nikikukosa naamua si mimi niliyeitwa, naendelea na safari. Nyuma yangu mtu ananuna.

Jambo jingine. Mtu akisimama upande wa sikio bovu, kichwa changu chenyewe kinakuwa ukuta. Zile sauti nyembamba alizotaja dada hazipindi kirahisi kuzunguka kichwa. Kukiwa na kelele upande mzima, imekwisha. Kalamu, feni iko upande uleule unaopitia wewe, kwa hiyo hapo mambo yanaweza kuwa tofauti kidogo, sijui.

Kinachoniumiza zaidi ya salamu iliyonipita ni mtu kunirudia kwa ile sauti ya "NIMESEMA HABARI ZA ASUBUHI!" mbele ya watu. Hapo nimeshafanywa mkosaji wa kosa ambalo sikulijua.

---

Sauti_ya_Radi

Aisee. Nimekuelewa, kaka. Sikuwa najua.

---

BintiMkimya

Mimi masikio yangu ni mazima na nimewahi kuwa huyo mtu asiyeitikia.

Baada ya msiba wa dada yangu nilirudi kazini mapema mno. Salamu nilizisikia zote. Neno "nzuri" lilikuwa linakuja hadi hapa kooni halafu nalitazama, naliona si kweli, na nilikuwa sina nguvu za kutafuta jingine. Nikija kupata la kusema, mtu ameshafika mwisho wa korido. Wengi waliacha kunisalimia ndani ya wiki mbili. Mama mmoja wa usafi ndiye hakuacha. Ila alibadilisha, akaacha kuuliza habari. Akawa anasema tu, "Nimekuona, mwanangu," na anapita. Hiyo haikudai jibu. Sijui alijuaje. Ilichukua muda mrefu, na siku nilipoanza kuitikia tena nilianza na yeye.

Kwa hiyo msije mkadhani kila kimya ni sikio.

---

PimaSikio

Asante, Binti, na pole sana. Uko sahihi, na nakiri kila fundi anaona kazi yake kila mahali. Hapa kinachonifanya nifikirie sikio ni kwamba huyo kaka siku nyingine anaitikia kwa furaha kabisa na siku nyingine hatikisiki. Mtu mwenye majonzi kwa kawaida utaona amekusikia, jicho litasogea, mkono utasita. Kwa asiyesikia, mwili hauna habari.

Ila hata hicho si kipimo cha uhakika. Mtu aliyezama kwenye hesabu ngumu au maandishi madogo anaweza kupitwa na sauti ya kawaida hata akiwa na masikio ya mtoto, kwa sababu macho yamechukua akili yote. Mwili wake nao hautatikisika.

---

Kalamu_Butu

Nimerudi. Siku tano za kazi, salamu kumi na moja. Nilijiona kama mpelelezi lakini nimeandika.

Asubuhi, nyuma yake, kushoto: salamu tano, kaitikia moja tu. Siku hiyo moja feni ilikuwa haijawashwa.

Jioni natoka wa mwisho, wakati huo tunakuwa tumekaa meza ya mikutano na mimi nakaa kulia kwake. Salamu za kuagana tano, kaitikia nne. Ile ya tano alikuwa na simu kwenye sikio. Sikio la kulia. Nikagundua simu huwa anaiweka kulia siku zote, hata akiwa anaandika kwa mkono wa kulia, anapindisha shingo na kuibana kwa bega.

Ya kumi na moja ndiyo inanisumbua. Jumatano tulikutana ngazini. Yeye anashuka, mimi napanda. Kulikuwa kimya, hakuna feni, hakuna mtu mwingine. Tulitazamana, au mimi niliona tumetazamana. Nikasema habari. Akapita.

---

Mzee_wa_Hoja

Hiyo ya ngazini ndiyo ninayoisubiri mtu aieleze. Kushoto, feni, simu, yote nakubali, nimejifunza. Uso kwa uso mahali pakimya?

---

PimaSikio

Ngazini siwezi kuieleza, na sitajilazimisha. Ngazi za zege zinarudisha mwangwi, na mwangwi unavuruga maneno kwa mtu wa namna hiyo. Anayeshuka huwa anatazama vidato. Huenda alikuwa na habari mbaya kichwani kama Binti. Huenda siku hiyo hakutaka tu kuongea nawe. Salamu moja haitoshi kunifanya niamue.

Hizo kumi nyingine zinaniambia kitu. Simu kuhamia sikio moja daima, hata pale inapokuwa shida kuishika, ni dalili ninayoiuliza kila ninapompima mtu. Nyingine ambazo ungeweza kuziona: anachagua kiti cha pembeni ili watu wote wawe upande mmoja, anageuza kichwa kidogo ukiongea, anacheka kwa kuchelewa baada ya wenzake, au anajibu swali ambalo hukuuliza. Unamuuliza "umefika saa ngapi?" anakujibu "niko salama."

---

Kalamu_Butu

Lo! Hiyo ya mwisho! Wiki iliyopita niliuliza "umemaliza ripoti?" akasema "ndiyo, nitakwenda." Tulidhani anatukwepa.

Sasa nifanyeje? Siwezi kumwendea na kumwambia "wewe hausikii."

---

KijikoChaMbao

Usimwambie hivyo. Badilisha wewe kwanza, yeye asijue.

Usipite nyuma. Zunguka hata kama ni hatua kumi zaidi, uje mbele ya meza ambapo anaweza kukuona. Inua mkono kidogo, siyo kumpungia kama unasimamisha gari, kidogo tu. Mtaje jina. Halafu subiri. Hapo kwenye kusubiri ndipo watu wanaposhindwa. Wanataja jina na salamu kwa pumzi moja, na mimi jina ndilo ninalolitumia kugeuka, salamu inanikuta bado nageuka. Taja jina, ngoja uso ufike, ndipo useme. Sauti ya kawaida. Usifunike mdomo, usivute maneno.

Na usimguse bega kwa nyuma kumshtua. Mimi huwa naruka.

---

Mwalimu_Mstaafu

Kwenye jina niongeze kidogo. Mwaka 1959 mtafiti Neville Moray aliwawekea watu sauti mbili, moja kila sikio, akawaambia wafuatilie moja tu. Ile wasiyoifuatilia iliwapita karibu yote, ila jina lao wenyewe, kama theluthi moja hivi walilishika. Jina linafungua mlango ambao "habari za asubuhi" haufungui. Lakini tazama hesabu: theluthi moja. Wengine, masikio mazima kabisa, hata jina lao liliwapita.

---

Sauti_ya_Radi

Kwa hiyo hata ukitaja jina na akanyamaza bado hujapata ushahidi. Hii salamu mmeifanya kuwa somo la chuo.

---

Kalamu_Butu

Wiki ya pili. Nimefanya alivyosema Kijiko, nazunguka, mkono, jina, nasubiri, ndipo salamu. Siku tano kati ya tano kaitikia. Siku ya nne akanitania, "Siku hizi umekuwa mstaarabu, zamani ulikuwa unapita kama mwizi." Wadau, nilitaka kucheka na kulia. Miezi miwili yote mimi ndiye niliyekuwa nimemnyima salamu, machoni pake!

Leo tulikuwa wawili tu, nikatumia nafasi. Nimeandika nilivyosema kwa sababu nilikuwa nimeifanyia mazoezi usiku. Nilimwambia, "Kaka, asubuhi nilikuwa nakusalimia nikipita huku nyuma, nadhani feni ilikuwa inanimeza. Nikiwa na jambo nikae upande gani ndiyo unipate vizuri?"

Akanyamaza kidogo. Akasema, "Kaa kulia." Halafu akaendelea mwenyewe. Aliamka asubuhi moja kabla ya kuhamia kwetu, sikio la kushoto likawa kama limejaa maji, na mlio unaovuma ndani. Alidhani ni nta. Akaenda kununua dawa ya matone, akachokoa na vijiti vya pamba, akasubiri lizibuke. Hakumwambia mtu kwa sababu alikuwa mgeni idarani na aliogopa kuonekana ameanza kuchoka. Mke wake tu ndiye anayejua.

---

PimaSikio

Kalamu, hapo nimesimama. Soma taratibu, na wengine mnaopita hapa msome pia.

Sikio linalopotea ghafla, mtu analala mzima anaamka halisikii, au linaondoka ndani ya siku mbili tatu, hilo si la kusubiri lizibuke. Ni la kwenda hospitali siku hiyohiyo. Kuna dawa za kupunguza uvimbe ambazo daktari hutoa, na nafasi yake nzuri ni siku za mwanzo hadi wiki mbili hivi. Baadaye nafasi inapungua sana. Tatizo ni kwamba linahisiwa sawasawa na nta, kujaa na kuziba, kwa hiyo watu wananunua matone. Kuna njia ndogo ya nyumbani inayoweza kutia shaka: ukivuma "mmm" mdomo ukiwa umefungwa, sauti ikihamia upande wa sikio lililoziba, mara nyingi ni nta au kitu kilichozuia njia. Ikikimbilia upande wa sikio zima, wasiwasi uongezeke. Lakini hiyo haichukui nafasi ya daktari kuangalia ndani.

Kwake yeye miezi imepita, sitampa tumaini ambalo sina. Bado aende, apimwe. Usikivu uliopungua upande mmoja peke yake lazima utafutiwe sababu, kwa sababu mara chache kuna kitu kinachobana mshipa wa fahamu wa kusikia, na hicho hakionekani bila picha. Hata kama hautarudi, kuna vifaa vinavyochukua sauti upande mbovu na kuipeleka upande mzima. Na vijiti vya pamba aviache leo.

---

Kalamu_Butu

Nitamwambiaje bila kumtisha?

---

KijikoChaMbao

Mwambie una jamaa unayemfahamu alipata hivyohivyo na alichelewa. Mimi ndiye jamaa huyo kuanzia leo, nitumie.

---

BintiMkimya

Na usiwatangazie waliocheka. Najua utatamani, ili wakuombe radhi. Ni habari yake.

---

Kalamu_Butu

Kwa kweli nilikuwa nimeshafungua mdomo mchana huu. Nimeufunga.

Nimemwambia kuhusu kupima. Kasema ataenda wiki ijayo. Nimembana ikawa kesho, ruhusa nimeahidi kumsaidia kuomba.

---

Mzee_wa_Hoja

Nafuta neno "umechuniwa". Lakini ngazini je? Ulimuuliza?

---

Kalamu_Butu

Hapana. Nilikaribia kuuliza, nikaona nikiuliza atajua nilikuwa namwekea daftari.

---

Mzee_wa_Hoja

Mimi ningeuliza.

---

KijikoChaMbao

Mimi nisingeuliza. Mtu ana haki ya ngazi moja.

---

Dogo_wa_Tiki

Nimesoma uzi wote. Sasa yangu mimi, siku ya kumi na nane, tiki za bluu, na najua macho yake ni mazima. Mnasemaje?

---

BintiMkimya

Umemwandikia nini siku zote hizo?

---

Dogo_wa_Tiki

"Mambo."

---

BintiMkimya

Kila siku?

---

Dogo_wa_Tiki

Kila siku.

---

BintiMkimya

Mwandikie kitu kimoja ambacho hakidai jibu, halafu weka simu chini.